Mlango Kabla ya Ufunguo: Jinsi Gemu za Metroidvania Zinavyofunga na Kufungua Ramani

Metroidvania ni aina ya gemu za video ambamo ulimwengu wote ni ramani moja iliyoungana, na mchezaji huruhusiwa kuingia sehemu zake kidogo kidogo, kadiri mhusika wake anavyopata uwezo mpya. Gemu nyingine za kuruka na kupigana hupangwa kwa hatua: mchezaji akimaliza ya kwanza huifunga, akaanza ya pili. Katika metroidvania hakuna chumba kinachomalizwa na kuachwa moja kwa moja. Chumba cha dakika ya tano kinaweza kuwa na mlango utakaofunguka saa tatu baadaye, na mchezaji atalazimika kukirudia.

Jina hilo limeunganishwa kutoka majina ya gemu mbili za Kijapani. Ya kwanza ni Metroid ya kampuni ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1986. Ya pili ni Castlevania ya Konami, hasa toleo la mwaka 1997 liitwalo Symphony of the Night, ambalo liliacha mtindo wa hatua na kuifanya ngome nzima ya Dracula kuwa ramani moja ya kuzunguka. Kati ya hizo mbili kuna gemu ambayo wabunifu wengi bado huisoma kama kitabu cha kiada: Super Metroid, iliyotolewa mwaka 1994 na kuongozwa na Yoshio Sakamoto. Ni humo ambamo utaratibu wa kufunga na kufungua njia unaonekana waziwazi.

Ufunguo usio ufunguo

Kizuizi kinachofunga eneo mpaka mhusika apate uwezo fulani kinaweza kuitwa lango la uwezo. Lango hilo si lazima liwe mlango. Linaweza kuwa ukingo ulio juu mno, kishimo chembamba kisichopitika kwa mtu aliyesimama, ukuta wenye tofali bovu, au chumba chenye joto la kuua. Uwezo unaofungua lango la namna hiyo ni viatu vya kurukia juu, namna ya kujikunja kama mpira, bomu, au suti ya kukinga joto.

Tofauti kati ya uwezo na ufunguo wa kawaida ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ufunguo hufungua mlango mmoja, kisha kazi yake imekwisha. Viatu vya kurukia juu hufungua kila ukingo mrefu uliopo kwenye ramani, pamoja na ule ambao mchezaji aliupita bila kuutazama. Zaidi ya hayo, hubadilisha namna anavyotembea katika kila chumba kuanzia hapo. Maadui waliokuwa wakimsumbua sasa huwaruka, na njia aliyokuwa akiipanda kwa taabu sasa huipanda kwa miruko miwili. Kwa hiyo tuzo moja hutenda kazi mbili: inafungua njia, na inambadilisha mwenye kuipita.

Metroid ya mwaka 1986 ilifundisha jambo hili katika vyumba vyake vya mwanzo bila kuandika neno hata moja. Gemu nyingi za wakati ule zilimzoesha mchezaji kwenda kulia tu. Hapa mhusika, mpiganaji wa angani aitwaye Samus Aran, husimama mahali ambapo njia zipo pande zote mbili. Anayekwenda kulia hufika kwenye kipenyo kifupi kilicho chini ya ukuta, asiweze kupita kwa sababu Samus hana namna ya kutambaa. Hana budi kurudi, kupita pale alipoanzia, na kwenda kushoto, ambako hapo karibu anakuta uwezo wa kujikunja kuwa mpira. Akirudi kulia, kipenyo kilekile kinapitika. Ndani ya dakika chache ameshajifunza kanuni ya gemu nzima: njia ikikukatalia usiilazimishe, itafute namna kwingine, kisha urudi.

Mpango wa somo hilo ndio kiini cha jambo lote. Mchezaji aliona mlango kwanza, ufunguo akaupata baadaye. Angeupata mpira kabla ya kukutana na kile kipenyo, angekipita bila hata kujua kwamba kilikuwa kizuizi. Uwezo huwa na thamani pale tu mchezaji anapokuwa tayari na swali ambalo uwezo huo unalijibu.

Njia moja fupi, malango manne

Namna ya kuliona hili kwa karibu ni kufuata kipande kimoja cha Super Metroid, kwenye sayari ya Zebes. Samus anapitia Brinstar, eneo la mapango yenye mimea, akielekea Norfair, eneo la moto lililo chini zaidi. Njia hiyo si ndefu, lakini ina malango manne yaliyopandwa mbele ya macho ya mchezaji, na mwanzoni hakuna hata moja analoweza kulifungua.

La kwanza liko katika mnara mrefu wa mawe mekundu. Mchezaji huingia, na njia iliyo rahisi ni kushuka. Juu yake wanaruka viumbe wenye magamba magumu, wakienda na kurudi baina ya kuta mbili, wala risasi za kawaida haziwaui. Juu kuna njia, lakini hakuna pa kukanyaga. Anashuka.

Chini ya mnara, baada ya vyumba vichache, anapita ndani ya bomba kubwa la kioo. Nje ya kioo ni maji ya bluu, na ni dhahiri kwamba huko kuna eneo jingine zima. Bomba halina mlango wa kutokea. Anatazama, anaendelea. Hilo ni lango la pili.

Mbele kidogo anafika kwenye chumba chenye lifti ya kushuka Norfair. Katika chumba hichohicho, juu, kuna ukingo unaoelekea kwenye makao ya bosi mmoja aitwaye Kraid. Samus akiruka haufikii. Hilo ni lango la tatu. Kinachobaki ni lifti, kwa hiyo anashuka, na huko chini anakutana na la nne: milango ya Norfair inafunguka, lakini ndani ya vyumba hewa inawaka, na namba ya nguvu zake inashuka kila nukta anayosimama humo. Anarudi nyuma haraka.

Kwa mtazamo wa haraka, mchezaji amefungiwa kila upande. Kwa kweli amebakiziwa njia moja. Karibu na lifti, mahali pasipo na joto, panapatikana Hi-Jump Boots, viatu vya kurukia juu. Akishavivaa, anakumbuka ukingo ulioko juu ya lifti, maana ameuona muda mfupi uliopita. Anapanda lifti, anaruka, anaufikia. Anamshinda Kraid na kupata Varia Suit, suti inayokinga joto. Suti hiyo inajibu swali la vyumba vya moto, navyo viko chini ya lifti ileile. Anashuka tena Norfair, na safari hii anatembea kwa utulivu pale alipokuwa akikimbia.

Ndani ya Norfair anapata, pamoja na mengine, Ice Beam, silaha inayogandisha maadui. Mtu angedhani ni silaha tu. Lakini adui aliyegandishwa hukaa angani bila kusogea, na Samus anaweza kumkanyaga. Hapo mchezaji anawakumbuka wale viumbe wa mnara mwekundu wasiouawa na risasi. Anarudi hadi kwenye mnara, anawagandisha mmoja baada ya mwingine, na kilichokuwa kero kinakuwa ngazi. Juu ya ngazi hiyo ndiko inakoanzia njia ya kwenda kwenye Power Bomb, bomu lenye mlipuko unaojaza skrini nzima.

Limebaki swali moja, lile la bomba la kioo. Mchezaji anayesimama ndani ya bomba na kutega Power Bomb huona mlipuko, kisha kimya cha muda mfupi, kisha kioo kinapasuka na maji yanaingia. Eneo la Maridia, ambalo amekuwa akilipita ukingoni tangu mwanzo, limefunguka. Wala lango hilo halijaisha hapo. Ndani ya maji Samus hutembea kwa uzito na miruko yake hufupishwa, mpaka apate Gravity Suit, suti inayopatikana kwenye meli iliyoharibika katika sehemu nyingine ya sayari.

Ukiyatazama malango haya manne pamoja, utaona kwamba mpangilio wa kuyafungua karibu ni kinyume cha ule wa kuyaona. Lililoonekana mwisho lilijibiwa mapema, na mawili ya mwanzo yakasubiri. Mbunifu hakumwandikia mchezaji maagizo. Alimpitisha mbele ya maswali kwa utaratibu fulani, kisha akayaweka majibu katika vyumba ambavyo njia nyingine zote zingemwelekeza. Mchezaji huhisi amechagua mwenyewe, na kwa kiasi fulani ni kweli, kwa kuwa aliyeunganisha viumbe wa mnarani na silaha ya barafu ni yeye.

Kwa nini kurudi kusichoshe

Kurudi mahali ulipokwisha kupita, kwa kawaida, ni kazi ya kuchosha. Metroidvania huigeuza kuwa tuzo kwa njia kuu tatu, na gemu inayokosa zote tatu hugeuka matembezi ya bure.

Njia ya kwanza ni kuibadili safari yenyewe. Mchezaji anayerudi hana miguu ileile aliyokuja nayo. Katika Super Metroid kuna uwezo wa kukimbia kwa kasi hadi kuvunja kuta, na baadaye kuna uwezo wa kuruka tena na tena angani bila kutua. Korido iliyomchukua dakika mbili za kupigana hupitwa kwa sekunde chache. Kasi hiyo ndiyo kipimo cha maendeleo ambacho mchezaji hakihitaji kusomewa, anakihisi mkononi.

Ya pili ni kukibadili chumba. Mfano mzuri uko mwanzoni mwa gemu hiyohiyo. Samus anapotua Zebes, hushuka katika magofu yasiyo na adui hata mmoja. Huko chini anapata uwezo wa kujikunja na pakiti yake ya kwanza ya makombora, yenye makombora 5. Anapopanda kurudi kwa njia ileile, maharamia wa angani wamekwishafika, na ukimya umetoweka. Kisha anakutana na mlango mwekundu, na mlango wa rangi hiyo hufunguka kwa makombora 5. Vyumba havikuongezwa, lakini safari ya kurudi imekuwa safari nyingine.

Ya tatu ni kutawanya zawadi ndogo kando ya njia. Super Metroid ina vitu 100 vya kuokota. Vitu 16 tu ndivyo vinavyoongeza uwezo au silaha mpya. 84 vilivyobaki ni matangi ya nguvu na pakiti za makombora na mabomu. Mgawanyo huo una sababu yake. Vitu 16 ndivyo vinavyoisukuma safari kuu, nавyo 84 humlipa yule anayekumbuka kwamba kulikuwa na shimo lenye tofali bovu karibu na mahali anapopita sasa. Nyingi ya pakiti hizo zinaweza kuachwa na gemu bado ikamalizika. Kwa sababu hiyo, kuzitafuta hubaki hiari, na hiari hiyo ndiyo inayotenganisha udadisi na adhabu.

Kikomo cha yote haya ni kumbukumbu ya binadamu. Lango likionekana leo na uwezo wake ukapatikana baada ya siku tatu za kucheza, mchezaji huenda akawa amelisahau. Ramani ya Super Metroid huweka alama ndogo kwenye baadhi ya vyumba vyenye kitu cha kuokota, lakini haionyeshi ni kizuizi cha aina gani kilichoko pale. Gemu za baadaye zimelishughulikia tatizo hilo kwa namna mbalimbali. Hollow Knight ya mwaka 2017, iliyotengenezwa na kikundi kidogo cha Team Cherry nchini Australia, humtaka mchezaji anunue ramani za maeneo, na humwezesha kubandika alama zake mwenyewe. Prince of Persia: The Lost Crown ya mwaka 2024 ilikwenda mbali zaidi: mchezaji hupiga picha ya mahali alipokwama, na picha hiyo hubandikwa kwenye ramani hapohapo. Akiufungua uwezo mpya, huzitazama picha zake na kujua wapi pa kurudi, bila gemu kumtegulia kitendawili.

Malango magumu na malango laini

Si kila lango hufunga kwa ukali sawa. Lango gumu halipitiki kabisa bila uwezo wake: bomba la kioo halivunjwi na risasi za kawaida, hata mchezaji awe hodari kiasi gani. Lango laini hupitika, ila kwa gharama. Vyumba vya moto vya Norfair ni laini. Mwenye matangi ya kutosha na mkono mwepesi anaweza kukimbia ndani yake bila Varia Suit na kutoka upande wa pili akiwa na nguvu chache zilizobaki.

Kuna aina ya tatu, lango la ujuzi, na hili ndilo la kuvutia zaidi. Tangu mwanzo wa Super Metroid, Samus anaweza kujisukuma kwa miguu kutoka ukutani na kupanda juu zaidi, lakini hakuna maandishi yanayomwambia mchezaji hivyo wakati wa kucheza. Huko Brinstar kuna viumbe watatu wadogo wanaopanda ukuta kwa kurukaruka, na anayewatazama kwa makini huiga. Kilichomfungia hakikuwa kifaa bali maarifa, na maarifa hayo akiyapata yanabaki naye hata akianza gemu upya. Mwenye kuyajua hufika kwenye ukingo wa Kraid bila viatu vya kurukia juu. Wachezaji wanaoshindania muda huvuruga mpangilio kwa makusudi namna hiyo, na gemu haiwaadhibu. Mbunifu anayetumia malango laini na ya ujuzi hana budi kukubali kwamba baadhi ya wachezaji watafika mahali kabla ya wakati, na ahakikishe hawatanasa huko.

Kunasa, na jinsi ya kuugundua

Kunasa ndilo kosa baya kuliko yote katika gemu za aina hii. Mhusika hajafa, gemu haijasimama, lakini hakuna njia ya kutoka wala ya kuendelea. Hutokea pale mchezaji anapoangukia shimo la njia moja bila kuwa na uwezo unaohitajika kupanda. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa ndani ya shimo kuna mahali pa kuhifadhi mchezo: akihifadhi hapo, saa zote alizocheza zimepotea.

Kosa hili hugunduliwa kwa ukaguzi ambao unaweza kufanywa hata kwa karatasi na penseli. Vyumba huchorwa kama vitone, na njia baina yao kama mistari, kila mstari ukiandikiwa uwezo unaohitajika. Mkaguzi huanza na uwezo wa mwanzo tu na kupaka rangi kila kitone kinachofikika. Hukusanya uwezo wote ulioko ndani ya vitone vilivyopakwa rangi, kisha hurudia kupaka kwa orodha hiyo mpya. Huendelea hivyo mpaka mzunguko mzima upite bila kuongezeka kitone. Chumba kilichobaki cheupe hakifikiki kamwe.

Kipande cha Norfair kinaonyesha jinsi ukaguzi huo unavyosaidia. Mzunguko wa kwanza unapaka rangi mnara, bomba, chumba cha lifti na chumba cha viatu. Wa pili, ukiwa na viatu, unapaka makao ya Kraid na kuleta suti. Wa tatu unaingia kwenye moto. Sasa mtu avihamishe viatu na kuviweka juu ya ukingo, karibu na Kraid. Mzunguko wa pili hauongezi chochote: viatu viko nyuma ya lango linalohitaji viatu, na sehemu kubwa ya ramani inabaki nyeupe. Kwenye skrini kila chumba kingeonekana kizuri. Mchoro ndio unaoutoa ubovu nje.

Lakini kupaka rangi hutambua tu kama mtu anaweza kufika. Kunasa kunahitaji ukaguzi wa pili: kutoka kila chumba alichofika, na kwa orodha ndogo kabisa ya uwezo anayoweza kuwa nayo akiwa pale, je, bado ana njia ya kwenda kwenye uwezo unaofuata? Shimo lenye ukuta mrefu si kosa likiwa na viatu vya kurukia ndani yake, kwa sababu aliyeanguka humo hutoka kwa kuvitumia. Wabunifu hupenda kuweka mashimo ya namna hiyo, maana mchezaji hufundishwa kifaa kipya mahali ambapo hawezi kutoka mpaka akielewe. Shimo lilelile lisipokuwa na viatu ni mtego.

Michoro haionyeshi kila kitu, kwa hiyo wachezaji wa majaribio hutazamwa. Anayeifungua ramani kila baada ya chumba kimoja, au anayepiga risasi kila ukuta mmoja baada ya mwingine, hana swali lolote kichwani, anabahatisha. Mara nyingi dosari haiko pale aliposimama. Iko nyuma, mahali ambapo lango lilipaswa kuonekana likapitwa bila kutambuliwa. Dawa yake si kishale cha kumwelekeza njia. Ni kukirudia kile chumba cha nyuma na kuliweka lango mahali ambapo jicho haliwezi kuliruka, kama bomba la kioo lililojengwa katikati ya njia, ambalo kila aendaye Norfair lazima apite ndani yake.